Bamba la Fundi Hamphrey

Fundi Hamphrey alimaliza kusaga bamba la pampu la mgodi mmoja wa Ngaka, akazima sumaku iliyolishika kwenye mashine. Mikromita ilisoma 19.96 kila pembe. Mchoro uliruhusu unene kati ya milimita 19.95 na 20.05, basi akatabasamu.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Gaudiosa, mkaguzi wa karakana, aliyefundishwa kupima na Hamphrey mwenyewe. Alilitegemeza bamba juu ya meza ya jiwe, akapitisha juu yake saa ya kupimia usawa. "Limepinda 0.06. Kwenye mchoro, mpindo wa uso usizidi 0.02."

"Mwanangu, mchoraji kakosea. Unene kaupa nafasi ya 0.10, usawa aubane hivyo?"

"Angeandika 0.20 ningemrudishia mchoro, maana ingezidi nafasi ya unene. Hii 0.02 inaingia ndani yake vizuri. Ulinifundisha hivyo, au ulinidanganya?"

Hamphrey aliliona kosa lake. Kwa haraka zake hakutia vipande vya bati chini ya bamba; sumaku ikalinyoosha kwa nguvu, na lilipoachiwa likarudia mpindo wake wa awali. Kulisaga tena haikuwezekana, kwani juu ya kipimo cha chini ilibaki 0.01 tu. Chuma kingine kingefika baada ya wiki mbili, na huko mgodini maji yalikuwa yanapanda.

"Saini tu, mama. Pampu haijui kusoma."

"Itatikisika, mwalimu. Niazime kalamu."

Hamphrey alijua atakachoandika Gaudiosa. Akampa.