Kumsaka Bibi Mwenye Pole

Surua ilianzia darasa la pili, katika shule ya msingi iliyo juu kidogo ya ziwa, upande wetu wa Lundo. Mtoto mmoja alipata homa, kikohozi na macho mekundu, kisha upele ukamtoka usoni na kushuka mwilini. Tulimchukua damu ikapelekwa maabara, tukampa vitamini A, tukaagiza abaki nyumbani. Hatukukaa kungoja majibu. Mimi ndiye nesi wa zahanati, kwa hiyo ilikuwa kazi yangu kumtafuta kila aliyemkaribia mtoto yule tangu siku chache kabla ya upele.

Nilianzia darasani. Niliuliza nani alikuwa anakaa naye dawati moja. Mikono yote ikanyooka. Nikaeleza kwamba dawati moja linabeba watoto watatu, labda wanne. Mikono haikushuka. Mtoto wa darasa la nne aliyeleta ujumbe kwa mwalimu naye alinyoosha wa kwake. Nikamwomba mwalimu anisaidie. Mwalimu, mama mpole mwenye bidii, akasema hakuna haja ya kuwasumbua watoto kwa maswali, maana wote wamemkaribia.

"Jana mchana tulikwenda kumpa pole," akasema. "Darasa zima. Tukamwimbia."

Alisema hivyo kwa furaha, kama mtu anayesubiri kusifiwa. Watoto walikuwa wamepeleka unga na usipa wa kukaanga, dagaa wa ziwa letu, na kila mmoja alikuwa amemshika mgonjwa mkono. Nikamuuliza kama walikuwepo watu wengine pale nyumbani. Akacheka kidogo. Mtoto anaumwa, watu wakose kuwepo?

Nilikwenda kwa wazazi wa mtoto nikahesabu majirani waliopita. Wengi walikuwa watu wazima waliowahi kuugua surua utotoni, hao hawakunitisha. Watoto wa shule wenzangu wangewachanja palepale shuleni kesho yake. Aliyenikosesha raha alikuwa mmoja. Mama wa mgonjwa alisema bibi fulani alikaa pale mchana mzima na mjukuu wake mgongoni. Mjukuu yule nilimjua. Alikuwa na miezi saba, mama yake alifariki baada ya kumzaa, akalelewa kwa uji na maziwa ya mbuzi, na uzito wake kliniki ulikuwa unapanda kwa kusuasua. Hakuwa amefikia umri wa chanjo ya kawaida. Wakati wa mlipuko tunaruhusiwa kumchanja mtoto kuanzia miezi sita, na chanjo ikimfikia ndani ya siku tatu tangu akaribiane na mgonjwa, inaweza kuuwahi ugonjwa. Baada ya hapo tungebaki kuomba Mungu. Na mwili wa mtoto yule haukuwa wa kuachiwa surua.

Nikachukua kisanduku cha chanjo, nikapanda bodaboda hadi kwa bibi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba. Jirani akasema ametoka kwenda kutoa pole kwa fundi baiskeli. Kwa fundi baiskeli, ambako nilikuwa nimepita asubuhi nikitoka shuleni, kuangalia watoto, waliniambia bibi ameondoka sasa hivi, amekwenda kwa katekista. Kwa katekista pia nilikuwa nimepita asubuhi. Walikuwa wamemaliza kumpa uji, naye ameshaondoka.

Ilinichukua nyumba nyingine mbili kuelewa kinachoendelea. Kila ninapoingia na kisanduku changu, majirani wanajua nyumba ile ina jambo. Nikitoka, wanaingia kutoa pole, na watoto wao mgongoni. Wenye nyumba, ambao hawana mgonjwa, wanaona aibu kuwarudisha wageni, wanawakaribisha na kupokea pole kwa ugonjwa ambao hawana. Na bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kila mahali. Mimi nilikuwa namtafuta yeye, yeye alikuwa anafuata nyayo zangu.

Nilijaribu kukaa sehemu moja nimngoje. Nilikaa kwa mke wa mvuvi mmoja hadi chai ikapoa. Bibi hakuja. Baadaye nikasikia alifika hadi uani, akaambiwa nesi bado yuko ndani, akasema basi mambo ni mazito, hawezi kuingilia, atarudi nikishaondoka.

Nilimwachia ujumbe kila nyumba kwamba namtaka zahanati yeye na mjukuu. Ujumbe ulimfikia. Alijibu kupitia kwa katekista kwamba atakuja akimaliza nyumba zilizobaki, maana alipofiwa na binti yake hakuna nyumba ambayo haikuja kwake, na yeye hawezi kuonekana amesahau. Nyumba zilizobaki ni zile nilizokuwa nazitembelea, na kila saa nilikuwa naziongeza.

Siku ya tatu tangu bibi akae kwa mgonjwa, asubuhi, bodaboda yetu iliteleza kwenye kijito chini ya kanisa. Kisanduku kilisalimika. Mimi niliteguka kifundo cha mguu, nikarudishwa zahanati nimekaa upande kama gunia. Yule kijana wa bodaboda alinishusha akaondoka kwenda kutafuta abiria wengine, na kila abiria alimpa habari. Kabla sijamaliza kufunga bandeji, mhudumu wa afya wa kitongoji, mwanamama tunayefanya naye kazi, aliingia akinitazama kwa wasiwasi.

"Sokoni wanasema umevunjika miguu yote miwili," akasema. "Kanisani wanasema huongei. Niende nikawaambie umeteguka tu?"

Nilikaza fundo la bandeji.

"Usiseme chochote mpaka bibi afike."

Tulitoa benchi nje, kwenye hewa. Mhudumu alisimama njiani na kipimajoto. Mwenye homa au upele alimwelekeza chumba cha nyuma, wengine akawaruhusu. Waliokaribiana na mgonjwa juzi walikuwa bado hawawezi kumwambukiza mtu, hilo nililijua, vinginevyo nisingethubutu. Wakaanza kuja, na unga, na usipa, na watoto. Waliponikuta nimekaa kwenye kiti nachanganya chanjo walitahayari kidogo, lakini walikuwa wameshafika, na mtu aliyekuja kutoa pole haondoki kabla hajaketi. Chupa ikishafunguliwa ina saa sita tu za kutumika. Siku hiyo haikukaa hata saa moja.

Bibi alifika jua likianza kuelekea ziwani. Alikuwa na kuku kwapani na mjukuu mgongoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitika huku akinikagua miguu, mmoja baada ya mwingine.

"Nimekutafuta sana, bibi," nikasema.

"Na mimi nimekutafuta," akasema. "Nyumba zote ulizopita nimepita. Sasa mbona hujalala?"

Nikamweleza kuhusu mtoto. Alisikiliza, akamfungua mjukuu, akamkalisha pajani kwake. Mtoto alilia kwa hasira nzuri nilipomchoma mkononi, kilio cha mtoto mwenye nguvu kuliko nilivyodhani. Nikamkumbusha bibi kwamba akifikisha miezi tisa atachanjwa tena kama wengine. Akakubali. Kisha akamrudisha mtoto mgongoni, akasimama, akaniambia sasa nikalale, kwa sababu hawezi kumpa pole mtu aliyekaa. Nilichechemea hadi kitanda cha wagonjwa, nikalala. Akanipa pole kwa utaratibu wake wote, na kuku akamfunga kwenye mguu wa kitanda.

Kwa majuma yaliyofuata nilikwenda kwake mara kwa mara, nikichechemea, kumpima mtoto joto na kumtazama nyuma ya masikio, ambako upele huanzia. Muda wa hatari ulipita bila upele kutokea. Mara ya mwisho nilipotoka, nilipishana njiani na majirani wanne wakiwa na bakuli za unga, wanakwenda kumpa bibi pole. Nikasikia akiwakaribisha na kuwatolea viti.