Moyo wa Mwishehe Kwenye Boila

Mwishehe alikuwa mwangalizi wa boila, mtambo wa kuchemshia maji ya mvuke, zamu ya usiku katika kiwanda cha sukari cha Makurunge. Boila haiachwi peke yake. Mwenye zamu hatoki mpaka mwenzake aingie. Kwa miaka mingi aliona fahari kuaminiwa hivyo. Mwaka huu chumba kile cha boila kilianza kumbana.

Ilianza kwa mikono kutetemeka. Kisha moyo ukawa unamwenda mbio hata akiwa ameketi. Alidhani ni joto, akazidisha maji, na usingizi ulipomlemea akanywa vinywaji vya kuchangamsha. Mkewe Mwanamvua alimwambia amekonda, ingawa sahani yake hairudi na kitu. Wenzake hakuwaambia. Mwaka jana fundi mmoja alisema ana kizunguzungu, na mkataba wake haukuongezwa.

Asubuhi moja, akiwa amelala chali nyumbani bila usingizi, aliandika barua pepe kwa Bi Thuraya, afisa wa afya kazini:

"Asalaam aleikum Bi Thuraya. Mapigo yangu ya moyo yanafika mia na ishirini nikiwa nimekaa. Nimepima mara nyingi kwa mashine ya huduma ya kwanza, kila zamu ni hivyo. Siwezi kutoka kwenye boila, na naogopa kusema nikaonekana sifai. Naomba ushauri, na naomba bosi asijue. Mwishehe Bwanaheri."

Jibu lilikuja upesi. Bi Thuraya aliuliza kama anasikia maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi au kutaka kuzimia. Likiwapo lolote, aende hospitali saa hiyo hiyo, asingoje barua nyingine. Mwishehe akajibu hapana, akataja na vinywaji vya kuchangamsha. Basi akatakiwa aache vile vinywaji, asiingie zamu, aje zahanati ya kiwanda siku ile ile.

Huko alipimwa akiwa ametulia, mapigo bado yakawa juu. Akapewa rufaa ya hospitali ya wilaya. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mapigo ya kasi lakini yaliyo sawia. Damu ndiyo iliyosema: tezi ya shingoni ilikuwa ikifanya kazi kupita kiasi. Akaanzishiwa dawa, akaambiwa zitachukua wiki kadhaa.

"Ugonjwa wako simwambii meneja," Bi Thuraya alimwambia. "Nitaandika tu kwamba kwa sasa hufai kwenye joto, wala kuachwa peke yako na boila. Ukizimia pale, si wewe peke yako utakayekuwa hatarini."

"Na mkataba?"

"Huo siwezi kukuahidi."

Alihamishiwa ghala la magunia, zamu ya mchana. Meneja alikubali, lakini kwa msimu huu tu. Mapigo yameanza kushuka, mikono imetulia. Mwanamvua anashukuru. Mwishehe naye hukaa kati ya magunia akisikia mvuke wa boila upande wa pili wa ukuta, na hajui kama msimu ukiisha atarudishwa kule, au atapewa mkono wa kwaheri.