Mikono Yote Ndani ya Fremu

Shemeji yangu, mke wa kaka, hana subira na watu, lakini na kompyuta anaweza kukaa kama mtu anayelisha mtoto mwenye homa. Akifika mezani anavua viatu, anavisukuma chini ya kiti, kisha anaanza kuongea na programu yake: "Haya mama, leo umenuna nini tena?" Mimi ndiye mpiga video wa ofisi, nimeshamzoea. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja juu ya duka la misumari na rangi, na harufu ya rangi inatupandia mchana kutwa.

Tunawatangazia watu kazi zao mitandaoni. Mteja analeta picha moja na video moja, anataka vionekane kila mahali, na anataka leo. Sasa kila mtandao una masharti yake kama mama mkwe. Huu unataka picha ya mraba, ule unataka iliyosimama, mwingine unataka iliyolala. Huu unakubali video ya dakika moja basi, ule unavumilia zaidi. Zamani tulikata moja moja kwa mkono mpaka macho yanatoa machozi. Shemeji akachoka, akaandika programu. Unaitupia faili, yenyewe inasoma masharti ya kila mtandao, inabadilisha ukubwa wa picha, inapima urefu wa video. Kilicho sawa kinapata alama ya kijani. Kisicho sawa kinapata nyekundu, na hapo haichapishi ng'o, hata uipigie magoti.

Siku ninayoisimulia, mteja alikuwa mdogo wangu wa kike. Mdogo wangu ni kiziwi, na ni mwigizaji, na nikisema mwigizaji simpambi: huyu akikueleza kwa mikono jinsi alivyokosana na muuza nyanya, unacheka mpaka unaomba maji. Kikundi chao cha viziwi kilikuwa kimepata ukumbi kwa mara ya kwanza, Jumamosi. Ila mwenye ukumbi alikuwa na wasiwasi. Alisema hadi jioni ile asipoona watu wa kutosha wamejiandikisha, ukumbi anawapa watu wengine wenye sherehe yao. Mdogo wangu hakuwa amelala vizuri wiki nzima. Nami roho ilikuwa juu juu, nikajifanya mzima.

Video nilikuwa nimeipiga jana yake, na niseme ukweli, niliipenda kupita kiasi. Nilimsimamisha pembeni mwa fremu, pazia jekundu limejaa upande wa pili, mwanga unateleza juu yake. Mwanzoni nikaweka nembo ya kikundi ikizunguka, na ngoma ikilia video nzima. Nikaitupia programu huku nikipiga mluzi.

Nyekundu. Sekunde sabini na moja, mwisho sitini.

"Shemeji, iambie ikate mwishoni," nikasema.

"Mwishoni ndipo anaposema wajiandikishe wapi. Unataka waje kwa ndoto?"

"Basi iongeze mwendo kidogo."

Akaiongeza mwendo, akamgeuzia mdogo wangu skrini. Mdogo wangu akaangalia, akanigeukia, mikono yake ikaniambia: *Unanionyesha kama mlevi anayefukuza nyuki.* Nilipomtafsiria shemeji, alicheka hadi akashika meza.

Ikabidi nembo yangu iende. Iliniuma, lakini ilikuwa sekunde kumi na moja kamili na ilikuwa haisemi lolote. Tukaitupia tena. Nyekundu. Nikapandwa na hasira, nikaiita programu jina ambalo sitalirudia hapa. Shemeji alisogea karibu na skrini, akasoma, halafu akaegemea kiti taratibu.

"Picha inaisha kwenye sitini. Ngoma yako inaendelea nusu sekunde baada ya picha, na faili inahesabiwa hadi pale sauti inapoishia. Tangazo la viziwi limekwamishwa na sauti, shemeji yangu."

Nikaikata ngoma, nikarudisha. Kijani, kijani, kijani. Ukubwa sawa, urefu sawa, uzito wa faili sawa. Nikarusha kofia. Saa za mchana zilikuwa zinakwenda, na shemeji alikuwa tayari na kidole juu ya kitufe cha kuchapisha.

Mdogo wangu akamshika mkono.

Alikuwa ameona nakala ya video iliyosimama. Programu, ili ipate umbo jembamba kutoka kwenye video pana, ilikuwa imechukua sehemu ya katikati na kuacha pembeni, kama ilivyofundishwa. Na katikati ya video yangu nzuri kulikuwa na nini? Pazia. Pazia jekundu la kupendeza, na kiwiko kimoja cha mdogo wangu kikiingia na kutoka. Kwenye ile ya mraba alionekana nusu: mkono mmoja unaongea, mwingine haupo.

*Hapa siku haipo,* akanieleza kwa mikono, akionyesha skrini. *Hapa mahali hapapo. Mmenikata ulimi.*

Nikamtafsiria shemeji neno kwa neno. Alama za kijani zilikuwa bado zinawaka mbele yake, zote zina haki, na tangazo halisemi kitu.

"Vipimo nimeifundisha," akasema. "Kuangalia sijaifundisha." Kisha akavaa viatu, na shemeji akivaa viatu ujue mambo yamechacha.

Kwanza alijaribu kuitosheleza video nzima ndani ya fremu iliyosimama bila kukata, juu na chini akajaza rangi. Mikono yote ikaonekana, lakini midogo, vidole kama punje za mchele. Mdogo wangu akatikisa kichwa. Basi turudie, na turudie sasa hivi. Nikasimamisha simu wima. Shemeji akabandika utepe kwenye skrini ya simu hiyo, mraba katikati, akasema: "Kichwa na mikono isitoke humu. Humu ndani ndimo mitandao yote inakubaliana." Fremu iliyosimama tutaiacha nzima, ya mraba tutapunguza juu na chini tu, na ya kulala tutaiweka nzima katikati na kujaza rangi ya pazia pembeni.

Mdogo wangu akasimama mbele ya ukuta mtupu. Bila pazia, bila nembo, bila ngoma. Akaongea. Nilikuwa nimeshika simu huku natabasamu, maana alikuwa anawaka. Alimaliza kabla ya dakika kuisha, na bado akapata nafasi ya kumtania mwenye ukumbi.

Kijani zote. Safari hii shemeji hakugusa kitufe. Alimgeuzia wifi yake kila nakala, moja baada ya nyingine, akasubiri. Mdogo wangu alipoinamisha kichwa mara ya mwisho, yeye mwenyewe ndiye aliyebonyeza.

Majibu yakaanza kuja kabla hatujapoa. Mengi hayakuwa maandishi, yalikuwa mikono: mikono jikoni, mikono kwenye kibanda cha kinyozi, mwanafunzi na rafiki yake wakikatizana. Nilikuwa namtafsiria shemeji mbio mbio mpaka nikakaukiwa. Jioni mwenye ukumbi, ameona waliojiandikisha wamezidi viti, akapiga simu kuuliza kama kikundi kinaweza kuigiza Jumapili pia. Mdogo wangu alinirukia, tukaangusha kiti.

Shemeji alikuwa bado yuko kwenye skrini. Mzee mmoja mwenye mvi alikuwa ametuma video yake, amekaa kitandani, anaongea polepole.

"Huyu anasema nini?" akaniuliza.

Nikaangalia hadi mwisho.

"Anasema ameitazama mara nne. Anasema mara zote nne alielewa. Alirudia kwa sababu tangazo ambalo halijamkata kiziwi maneno, hajawahi kuliona."

Shemeji akamwita wifi yake kwa mkono, akampisha kiti chake, akamwekea video ya mzee tangu mwanzo.