Sauti ya Bi Mize Katika Maulidi ya Ole

Nakumbuka siku moja ya Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, mwanangu, niliyomtoa mwanamke wa watu katika safu ya waitikiaji kwa sababu sauti yake iliniudhi. Maneno haya nimeyaandika mara tatu, na mara mbili nimeyachana, maana kila mara nilijikuta nikijipamba. Lakini mficha uchi hazai. Nisipokwambia nilivyokuwa, nitakalokuusia halitakufaa.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Mapinduzi, msimu wa karafuu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, hapa hapa Ole. Kusoma maulidi sikufundishwa na mtu. Kaka yangu akirudi chuoni, mimi nilichukua kitabu chake nikakaa nacho jikoni, herufi kwa herufi. Sauti niliifanyia mazoezi ndani ya mtungi mtupu. Niliuinamia, nikaimba, nikaisikia sauti yangu ikinirudia nene na safi. Nikikosea mahali, hurudia mara ishirini. Chakula kiliungua. Mama alikuwa akisema, "Mtungi huo ungekuwa na roho ungeshahama nyumba hii."

Yule asiye na mwalimu, mwanangu, huwa na hofu isiyokwisha. Kila akitazamwa hudhani amekosea. Mimi nilikuwa hivyo.

Msomaji mkuu wa wanawake wa Ole alikuwa Bi Mkasi, mtu mzima, mrefu, mwenye sauti ya chini kama ya mwanamume. Mwaka ule kifua kilimbana, akaniita akanambia, "Safari hii utaongoza weye." Akaongeza kwamba wageni wanatoka Shumba, wanawake wenye sifa ya kusoma. Basi siku kumi sikulala vizuri.

Nikachagua wasichana wanane wenye sauti nzuri. Nikawafundisha kupumua pamoja, mwisho wa kila mstari, wote kwa mara moja, ili sauti ikatike safi kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi. Nikaipandisha sauti ya kuanzia juu sana, mahali ambapo yangu ilikuwa inang'aa. Halafu nikaanza kuwaondoa walioharibu.

Wa kwanza alikuwa Bi Mize.

Bi Mize alikuwa jirani yetu, mchambuzi wa karafuu, na alikuwa ameitikia maulidi ya Ole tangu kabla sijazaliwa. Sauti yake ilikuwa na ufa, ikisikika nusu hatua nyuma ya wenzake, kama mtu anayekimbilia safu. Miezi mitatu nyuma alikuwa amemzika bintiye Saada, mtoto wake wa pekee, kwa homa. Hakulia mazikoni. Hakulia matangani. Dada yake, Bi Raya, alikuwa akisema hali chakula ila akilazimishwa, vijiko viwili, kisha husukuma sahani. Watu walikuwa wanaogopa kwamba atamfuata mwanawe.

Mimi yote hayo niliyajua. Na bado nilimwendea nikamwambia, "Bi Mize, mwaka huu naomba ushike chetezo. Udi unahitaji mtu mzoefu."

Akanitazama. "Na kuitikia?"

"Utaitikia kwa moyo, bibi. Midomo tu."

"Haya, mwanangu," akasema. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile wangu ulivunja mfupa wa mtu.

Maulidi yakasomwa baada ya sala ya alasiri, uani kwa Bi Mkasi, majamvi yametandikwa, wanawake kama sitini. Nikasoma bila kosa hata moja. Wasichana wangu wakaitikia, wakapumua pamoja, wakanyamaza pamoja. Na kila waliponyamaza, palikuwa na shimo. Katika shimo lile nilisikia kuku, nikasikia mtoto akiomba maji, nikasikia bangili za mtu. Wanawake wengine wote walijaribu kuitikia mwanzoni, wakashindwa kufika juu kule nilikoanzia, wakaacha. Wakakaa kutusikiliza. Tulipofika kwenye kiyamu, pale watu wote husimama kumsalia Mtume na marashi hunyunyizwa, walisimama kama watu wanaongoja zamu kisimani. Hakuna aliyetokwa na chozi. Mgeni mmoja wa Shumba akanambia wakati wa kahawa, "Umesoma vizuri, mwanangu. Vizuri mno. Nilikuwa naogopa hata kukohoa."

Nikalichukua kama sifa. Bi Mize alikuwa ameweka chetezo chini, akaondoka kabla ya haluwa.

Siku ya nne baadaye tulikuwa tukichambua karafuu kwa Bi Mkasi, kina mama kama kumi na mbili kuizunguka chungu, lile lundo lake, kila mtu akitenganisha karafuu na makonyo yake. Bi Raya akaja akiwa na uso uliokunjamana.

"Mize hatoki chumbani," akasema. "Tangu maulidi. Hata vile vijiko viwili sasa hataki. Asema hata mahali pake pa kupumulia pameondolewa."

Bi Mkasi akaendelea kuchambua, hakuniangalia.

"Weye mtoto," akanambia, "itazame chungu hii. Kazi yake imesimama tangu asubuhi?"

"Haijasimama, Bi Mkasi."

"Na Bi Asha hapa alikwenda kunywa maji. Miye nimekohoa. Huyu amejikuna, tena amejikuna sana."

"Mbu wa Ole hao!" akasema huyo aliyetajwa, na kina mama wakacheka.

"Lakini chungu inapungua tu," Bi Mkasi akaendelea. "Kwa sababu hatupumziki mara moja. Mmoja akiacha, mwengine yumo. Na kuitikia ni hivyo hivyo. Watu sitini, kila mtu huvuta pumzi pale pumzi yake inapomwishia. Sauti haikatiki. Weye pumzi yako yakwisha, sauti yaendelea. Hapo ndipo mtu huhisi kuna kitu kikubwa kuliko kifua chake kimembeba. Sasa weye umewapanga wapumue kama askari wa gwaride. Umetoboa mashimo, watu wakatumbukia."

Nikasema, nikiwa karibu kulia, "Lakini Bi Mize anakosea sauti."

"Nani hakosei? Watu sitini kila mmoja yuko juu kidogo au chini kidogo, na huko kutofautiana ndiko kunakoifanya sauti iwe pana kama uwanja. Ikiwa zote ni sawasawa kabisa, ni sauti ya mtu mmoja iliyonenepa. Ya mtungini, mwanangu." Kumbe alikuwa anajua habari za mtungi. "Tena ulianza juu. Ukianza juu, umewafungia watu mlango. Anza chini, mahali hata bibi mwenye ufa aweza kuingia. Anza polepole. Kiitikio kiwe kile kile, kifupi, mpaka akili iache kukihesabu. Bega liguse bega, watu wayumbe pamoja. Baadaye, kasi itakuja yenyewe. Usiivute."

"Na nikikosea mbele za watu?"

"Utakosea. Watakubeba. Kwani unadhani wengine walikuja kwa ajili ya nini?"

Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini yangu hayakungoja kuzaliwa. Nikaenda kwa Bi Mize jioni ile ile, mikono ikinuka karafuu. Nikapiga hodi. Akasema karibu kwa sauti ndogo. Alikuwa amelala akikabili ukuta.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Umekuja kunipa chetezo kingine?"

Nikakaa chini. Nikamwambia ukweli wote: kwamba hakuna udi uliohitaji mtu mzoefu, kwamba nilimwonea haya mbele ya wageni, kwamba nilikuwa mwoga. Nikalia miye, yeye hakulia.

Kisha akanigeukia, akasema, "Nyumbani nikivuta pumzi hufika hapa tu." Akagusa koo. "Haishuki. Katika maulidi hushuka. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu lazima uitoe yote ndipo uvute nyengine."

Sasa mimi ni mzee, nimeimba na watu maisha yangu yote, na nasema alijua kuliko sisi sote. Anayeitikia hutoa pumzi ndefu, huvuta fupi, hutoa ndefu tena, na moyo hufuata mwendo huo, hutulia. Mwenye huzuni na mwenye hofu hupumua juu juu. Kuitikia hukilazimisha kifua chake kufunguka, bila kumwambia kwamba anatibiwa.

Alhamisi iliyofuata palikuwa na maulidi kwa Bi Raya. Nikamwomba Bi Mize aje, nikamketisha ubavuni mwangu. Nikaanza chini, chini kuliko nilivyopenda, mahali ambapo sauti yangu haikuwa na uzuri wowote. Wanawake wakaingia mara moja, wote, hata waliokuwa jikoni. Tukayumba. Sauti ya Bi Mize ikaja, nyuma kidogo, na ufa wake. Nikaiacha.

Katikati ya kiitikio pumzi ikaniishia. Nikanyamaza, nikashikwa na hofu yangu ya zamani. Lakini hakuna kilichokatika. Nilihisi mngurumo kifuani mwangu ingawa kinywa changu kilikuwa kimefungwa. Nywele za mikono zikanisimama. Nilitafuta sauti yangu nirudi nayo, nikaikosa. Nilikuwa naimba na siisikii peke yake. Na mwanangu, mimi niliyekuwa nimejisikiliza miaka yote ndani ya mtungi, sijawahi kupumzika kama wakati ule.

Kasi ikaongezeka bila mtu kuiamuru. Tukasimama kwa kiyamu, marashi yakatushukia usoni, na hapo nikahisi bega la Bi Mize likitikisika dhidi ya langu. Alikuwa akilia. Alilia huku anaitikia, akikosa mstari mzima, akiingia kwenye unaofuata, na sauti za watu zikimngoja pale pale alipoziacha. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Kiyamu kilipokwisha akaketi, akafuta uso kwa ncha ya kanga, akasema, "Raya, haluwa yenu ya mwaka huu ina iliki nyingi."

"Umejuaje na hujaionja?"

"Nipe basi nionje."

Akala kipande. Akaomba cha pili. Bi Raya akakimbilia jikoni ili tusimwone uso.

Sasa sikiliza ninalokuusia. Ukiingia katika mkusanyiko wa watu wanaomtaja Mola, usiisikilize sauti yako. Ukiongoza, anza mahali ambapo aliye dhaifu zaidi aweza kufika. Usimwondoe mwenye ufa. Huenda ndiye aliyekuja kwa shida kuliko nyote. Wala usidhani kila kinachokusisimua ni cha Mungu. Miaka ile ile nilisimama katika mikutano ya siasa, nyimbo zikaimbwa kwa maelfu, nywele zikanisimama vile vile, kisha tukarudi nyumbani hatuwasalimu majirani. Pumzi na mabega hufungua mlango tu. Tazama mtu anatoka na nini: akitoka anampenda mwenzake zaidi, na mwenye njaa amekula, basi penye wengi palikuwa na Mungu.

Nenda, mwanangu. Mola akupe pumzi ndefu, na siku itakapokuishia katikati ya mstari, akujaalie watu ubavuni mwako wanaoendelea. Amina.