Mtoki wa Ernesti

Mwatumu wa Ngamiani, mfagiaji wa hospitali, alikuwa na maneno mengi na woga kidogo. Mwaka wa hamsini na tano alilazwa Ernesti, mkata mkonge mwenye tauni, mtoki umemvimba kinenani. Wafanyakazi wengine walimsukumia chakula kutoka mlangoni. Mwatumu aliingia, akaketi, akamlisha.

“Aliumwa na kiroboto aliyetoka kwa panya mgonjwa,” aliwaambia wenzake. “Nguo zake zimeshatiwa dawa, viroboto wamekufa. Tauni ya mtoki hairuki kwa pumzi.”

Siku ya tatu, katikati ya kula mchuzi aliopikiwa na Mwatumu, Ernesti akakohoa sana. Mwatumu akainuka mbio, akajifunga kitambaa puani na kuwatoa watu wote wodini. Alijua kwamba vijidudu vikishuka mapafuni, kikohozi chenyewe hueneza tauni, kiroboto asihitajike tena.

Dresa Abrahamu, mganga msaidizi wa wodi, alikuja amejifunga uso, akamsikiliza mgonjwa kifua. Kilikuwa safi, na homa ilikuwa ikishuka kwa sindano.

“Bi Mwatumu, mchuzi huu umeutia pilipili ngapi?” aliuliza.

“Tatu,” alijibu kwa haya. “Lakini akikohoa tena, nitakimbia tena.”

“Na ukimbie, mama.”

Ernesti alikuwa ameshaanza kumalizia bakuli.