Siku Shimo la Murram Litaota Mti

Kipkemei alinitoa kwa nyumba yangu matanga ya bwanangu Khisa hata haijaisha. Mpaka leo sijamsamehe, na sina haraka. Alikuwa nyapara wa shamba la mzungu huku Subukia, na nyumba ya bwanangu alitaka kumpa ndugu yake. Mimi akanitupa huko chini, kwa kibanda karibu na shimo walichimba murram ya barabara. Wanawake wa laini, zile nyumba za wafanyakazi, wakiwa wamesimama, nikamuuliza, "Nitarudi lini?"

"Siku hilo shimo litaota mti, mama."

Wakacheka. Jirani yangu Wariara peke yake hakucheka. "Nimesikia," akaniambia. "Nitakuwa shahidi yako."

Hilo shimo lilikuwa jiwe jekundu tupu. Mvua ikinyesha maji yanapita tu juu. Nilipanda mbegu ya mti, ikakauka. Nikapanda tena, ikakauka. Nikakasirika, jembe nikatupa. Jembe likilala, magugu yakaanza, yale ya kushika nguo. Kiangazi yakafa, yakaoza, vumbi likashikwa hapo. Baadaye nyasi ikatokea juu ya huo uozo. Mbuzi ya mtu ikikaribia, nairushia jiwe.

Halafu ikawa Imajensi, serikali ikipigana na Mau Mau, lori zikaja kubeba Wakikuyu. Wariara akapanda na mtoto mgongoni. Nilisimama barabarani mpaka vumbi ikalala. Toka hapo nilikuwa naongea na nani? Na sufuria.

Kipkemei akaona nyasi. "Mama Namalwa, unakaa kwa uchafu hivi!" Akatuma watu wakachoma. Alifikiri amenimaliza. Lakini mizizi ilikuwa chini, na udongo kidogo ulibaki. Mvua ya kwanza nyasi ikarudi, nzito kushinda ile ya mbele. Leleshwa nayo, kile kichaka cha majani meupe, ikaingia. Ndege wakatua kwa leleshwa, wakanya mbegu za msituni. Chini ya hicho kivuli, mahali jua haichomi na majani yameoza yakawa meusi, nikakuta mche wa mutamaiyo, ule mti mgumu wa msituni, urefu wa kidole. Nikakaa chini nikauangalia. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?

Nikangoja. Mwaka wa hamsini na tisa mti ulikuwa umenifika kifuani. Nikaenda laini nikamwita Kipkemei. Jepkorir, bibi yake, akafuata.

"Hiki ni kichaka tu," Kipkemei akasema.

Nikafungua matawi ya leleshwa. "Na huu?"

Akasema, "Na nani alinisikia nikisema hayo? Shahidi yako alienda na lori."

"Mimi nilisikia," Jepkorir akasema. "Nilicheka kushinda wote. Ulisema, baba Kiplangat."

Akavua kofia. Nikamwambia asisimame hapo bure, kitanda changu kiko ndani. Ndugu yake alitoka siku hiyo hiyo. Kipkemei akabeba kitanda kwa kichwa mpaka laini, watu wakiangalia, mimi nyuma yake.

Kwa mlango wa Wariara kulikuwa na watu siwajui.