Kufungwa Si Kuhamwa

Nilipokuwa karani wa madai katika ofisi ya bima mjini Voi, alikuja mama mmoja mwenye duka Maungu. Duka lake lilikuwa limeungua, nasi tulimnyima fidia kwa barua fupi ya Kiingereza iliyosema tu kwamba ni kwa mujibu wa kifungu cha sita cha mkataba.

"Mwanangu," aliniambia, "nimekataliwa, sawa. Lakini kwa nini?"

Nilimwomba meneja ruhusa, nikaiandika upya kwa Kiswahili cha kawaida: "Mkataba wako unasema kwamba nyumba ikikaa zaidi ya siku thelathini mfululizo bila mtu kuishi ndani, bila sisi kuarifiwa na kukubali, bima ya moto inasimama. Mkaguzi wetu alielezwa kuwa duka lilikuwa limefungwa miezi miwili kabla ya moto. Ndiyo maana tumekataa. Kama sivyo, tueleze."

Akaisoma polepole pale kaunta, kisha akacheka kwa sauti.

"Duka nilifunga nikiugua. Nyumba nani aliihama? Mama mkwe wangu alikuwa akilala na kupika chumba cha nyuma siku zote hizo! Ndiye aliyepiga mayowe moto ulipozuka."

Mkaguzi alirudi Maungu, akawahoji majirani na naibu wa chifu. Wote wakathibitisha. Meneja akafuta uamuzi wake, fidia ikalipwa. Siku ya kuchukua hundi, mama yule alipiga vigelegele hadi wapita njia wakachungulia dirishani. Tangu hapo, hakuna barua ya kukataa iliyotoka ofisini kwetu bila kifungu kuelezwa, na kuziandika ilikuwa kazi yangu. Niliifanya kwa fahari.